Lubumbashi hadi Pweto kwa Hiace: jioni tuliyokuta tairi la akiba halina upepo

Tumerudi nyumbani Lubumbashi wiki iliyopita. Haya nimeyaunga kutoka daftari la mwanangu Mwape, ambaye aliandika kila kituo na kila franka iliyotoka, pamoja na picha za simu. Tulikuwa sita ndani ya gari: mimi, baba Mwape kwenye usukani, watoto watatu, Mwape, Chola na Kapya, na nkambo, mama mkwe wangu, ambaye alikuwa hajamwona mdogo wake wa Pweto kwa miaka 9. Gari ni Hiace ya mazutu, usukani upande wa kuume kama zilivyo nyingi zinazotufikia kupitia Tanzania na Zambia.

Ijumaa, 12 Julai 2024. Matayarisho

Jioni tulipita kwa kwado, fundi wa matairi wa mtaani kwetu, akajaza upepo kwenye matairi manne. Alipomaliza alichungulia chini ya gari, akamuuliza mume wangu: "Papa, na pine ya sekuru tuangalie?" Kwenye Hiace yetu tairi la akiba limening'inizwa na mnyororo chini ya sakafu ya nyuma, na kulishusha kunataka ule mkono wa chuma ambao ulikuwa tayari umefunikwa na magunia mawili ya unga ya nkambo. Baba Mwape akasema, "Acha, iko muzuri." Mimi nilikuwa nimesimama pale pale na sikusema kitu. Tulimlipa franka 2.000 tukaenda kulala.

Jumamosi, 13 Julai. Lubumbashi, Kasomeno, na barabara ya udongo

Tulitaka kuondoka saa 11 alfajiri, tukaondoka saa 2 na nusu asubuhi, kwa sababu shangazi alileta chupa ya mafuta ya mawese na viatu vya kupeleka Pweto, na huwezi kupokea mzigo wa shangazi ukiwa umesimama mlangoni. Mazutu ya kuanzia yalichukua dola 60.

Hadi Kasomeno ni lami. Pande zote mbili ni msitu wa miombo na vile vichuguu vyetu vikubwa, vingine virefu kuliko nyumba, na magunia ya makala yamesimama kando ya barabara yakisubiri malori. Tulikula mandazi na chai ya chupa bila kuteremka. Kwenye kizuizi kimoja tulipoteza karibu saa nzima kwa ajili ya karatasi moja ya gari iliyobaki nyumbani. Iliisha kwa maneno mazuri ya nkambo na franka 10.000. Kwa atakayepita: weka karatasi zote kwenye mfuko mmoja wa nailoni, hata zile unazofikiri hakuna anayeziuliza.

Kasomeno ndipo njia zinapoachana. Moja inakwenda Kasenga kwenye mto Luapula, nyingine inapanda kaskazini kwenda Kilwa na Pweto. Hapo tulikula bukari na sombe kwa mama mmoja mwenye meza mbili, franka 4.000 kila sahani, watoto wakagawana. Tulipoinuka ilikuwa imepita saa 8 mchana. Baada ya hapo ni udongo mwekundu na vumbi la kiangazi, na huwezi kwenda zaidi ya kilomita 30 au 40 kwa saa bila kuumiza gari na migongo.

Saa 11 na dakika 20 jioni, kwenye kamteremko kenye mawe meupe yaliyochongoka kama visu, nyuma upande wa kushoto palilia *pwaa*, gari likainama.

Mwezi wa 7 huku jua linazama kabla ya saa 12 jioni, na likizama giza halichelewi. Baba Mwape alifanya haraka. Mwape na Chola walikata matawi yenye majani wakayatandaza barabarani, mafungu mawili, hatua kama 50 nyuma na 50 mbele, ili lori likija lijue kuna gari limekufa. Tukaweka mawe kwenye magurudumu ya mbele. Alilegeza nati gari likiwa bado chini, akapandisha kwa kriki, akalitoa tairi. Ukuta wake wa pembeni ulikuwa umepasuka, mdomo unaoingia vidole viwili. Ndipo akaenda kuzungusha ule mkono wa nyuma kushusha tairi la akiba.

Lilishuka polepole, mnyororo ukilia kwa kutu. Lilipogusa ardhi halikudunda. Lilikaa tu, kama mkate uliokandwa vibaya. Baba Mwape alilisukuma kwa goti, goti likazama hadi kwenye ringi. Hakusema neno. Alikaa chini kwenye vumbi, mikono juu ya magoti.

Hapo lazima niseme kosa letu la pili. Gari lilikuwa limesimama juu ya kriki peke yake, kwenye udongo laini, bila gurudumu upande mmoja, na kriki ilikuwa imeanza kuzama. Tairi la akiba linashushwa kwanza, linaguswa, ndipo gari linainuliwa. Tulilisukuma lile tairi lililopasuka chini ya chasisi, ili kriki ikiteleza gari liangukie tairi na si mkono wa mtu, tukamteremsha nkambo na magunia yake.

Kapya, mdogo wetu wa miaka 5, akaanza kuulizia kitanda.

Mtandao haukuwepo. Lori moja lilipita likiwa limejaa watu hadi juu, dereva akapunguza mwendo, akapaza sauti kwamba kompresa hana, akaenda. Kilwa ilikuwa kama kilomita 40 mbele. Kutembeza gari juu ya tairi tupu umbali huo ni kulichana tairi na kuipinda ringi, kisha unabaki huna hata cha kuziba.

Upande wa pili wa barabara kulikuwa na nyumba tatu. Mama mmoja alikuja na kijinga cha moto mkononi, akatusalimia kama watu aliowatarajia, akamchukua nkambo na Kapya kwenda kukaa jikoni kwake. Alirudi na kipande cha ubao kinene, ninadhani kilikuwa kizingiti cha mlango wa zamani. "Mutie hii chini ya kriki," akasema. Tulishusha gari kidogo juu ya lile tairi bovu, tukaingiza ubao, tukapandisha tena. Kriki haikuzama tena.

Karibu saa 1 usiku ikaja pikipiki imebeba mafungu ya samaki wakavu. Kijana akazima pikipiki yake bila kuombwa.

"Mulipata mambo gani, papa?"

"Pine imepasuka, na ya sekuru haina upepo."

"Imetoboka, ao imeisha tu upepo?"

Hilo swali hatukuwa tumejiuliza. Tairi la akiba lililokaa miezi mingi bila kuguswa hupoteza upepo hata bila tundu. Raba yenyewe inauachia kidogo kidogo. Na kwa kuwa halijabeba uzito likiwa tupu, midomo yake inabaki imekaa vizuri kwenye ringi, kwa hiyo linakubali kujazwa kwa mkono. Tairi lililokimbizwa likiwa tupu halikubali hivyo.

Kijana alikuwa na pompi ya mkono, na mdomo wa valvu ya pikipiki ni sawa na wa gari. Hili ni la kukumbuka vijijini, kwa sababu pompi za baiskeli nyingi za huku zina mdomo wa aina nyingine na haziingii. Walianza kupiga, Mwape akihesabu. Walipofika 120 tairi lilikuwa limeinuka kidogo tu. Nkambo, ambaye alikuwa amerudi kutazama, akasema, "Inalia." Sisi hatukusikia kitu. Tukanyamaza wote. Kweli, kulikuwa na sauti nyembamba, kama mtu anayevuta hewa kwenye meno.

Kijana alitoa pompi, akalamba kidole, akapaka mate juu ya mdomo wa valvu. Mwape akamulika kwa simu. Pakaota povu dogo katikati kabisa, likapasuka, likaota jingine. Kijana akacheka kwa furaha: "Ni moyo yake tu!"

Alitueleza huku akitafuta kitu mfukoni. Povu likitoka katikati ya mdomo, kinachovujisha ni kile kipini chembamba cha ndani kinachofunga upepo, na kipini hubadilishwa. Povu likitoka chini, pale shina la raba linapoingia kwenye ringi, basi shina limepasuka, na hapo njiani huna la kufanya. Likitoka kwenye ukingo wa ringi, ni kutu. Sisi Mungu alitupa la kwanza.

"Lakini kipini kingine tutatoa wapi?" nikamuuliza.

Akaonyesha kwa kidevu lile tairi lililopasuka chini ya gari. Ukuta wake ulikuwa umekufa, lakini valvu yake ilikuwa nzima.

Kifaa alichokitafuta kilikuwa kizibo cha valvu, kile cha chuma, si cha plastiki. Kichwani kina meno mawili madogo na mfereji katikati. Ukikigeuza, meno yanaingia ndani ya mdomo wa valvu, yanashika kipini, unakifungua kama skrubu. Alitoa kipini cha tairi la akiba, upepo wote tuliopiga ukatoka kwa mfyonzo mmoja, Chola akashika kichwa. Akaniwekea kile kipini kiganjani. Ni kitu kidogo sana. Kapete kake ka raba kalikuwa kamechanika upande mmoja, na chembe za mchanga mwekundu zimejibana ndani. Valvu ya tairi letu la akiba haikuwa na kizibo. Sijui kilianguka lini. Vumbi la barabara zote tulizopita liliingia mle, chini ya gari, bila mtu kuliona.

Akatoa kipini cha tairi bovu, akakipuliza, akakifuta kwa kona ya shati lake, akakiingiza kwenye la akiba. Hakukaza kwa nguvu. Alikwenda hadi kilipogusa, akaongeza kidogo tu, akasema ukikaza sana unakata ile pete.

Kisha pompi tena. Tairi la ukubwa wetu, 195R15, lina nafasi ya karibu lita 40, na kulifikisha bari 2 unahitaji kusukuma ndani kama lita 80 za hewa ya kawaida, kwa pompi inayotoa chini ya robo lita kwa pigo moja. Daftari la Mwape linasema mapigo 460. Walipokezana: kijana 100, baba Mwape 100, mimi 40, Mwape 60, mume wa yule mama aliyerudi kutoka shambani 100, kijana akamaliza. Kuanzia 200 silinda ya pompi ilikuwa ya moto kiasi cha kuunguza, tukaizungushia kitenge changu. Kuanzia 300 unasimama juu yake kwa uzito wa mwili wote ndipo inashuka.

Kipimo hatukuwa nacho. Kijana alipaka mate tena, tukamulika, tukasubiri. Mate yalikauka bila povu. Tukafunga tairi, tukakaza nati kwa msalaba, tukashusha gari, akalinganisha tumbo la tairi lile na la upande wa kuume. Lilikuwa limelala kidogo zaidi. "Mutembee pole, vitu vizito mutie mbele." Magunia ya unga yakahamia nyuma ya kiti cha dereva, na watoto wote wakakaa katikati.

Nilitaka kumlipa. Akakataa pesa, akasema simu yake imekufa tangu asubuhi na mke wake hajui alipo. Je, ichaji kidogo kwenye motoka? Tulikaa dakika 20 nyingine, injini ikizunguka, simu yake ikila umeme, na yule mama akatuletea mihogo ya kuchoma ndani ya sahani ya bati. Samaki wake wakavu walinukia gari zima. Simu ilipowaka alipiga nambari, akasema neno moja, "Nafika," akatabasamu, akaenda zake. Tuliondoa matawi barabarani. Hilo watu wengi husahau, na usiku lori linakwepa gari ambalo halipo tena.

Tuliingia Kilwa saa 4 kasoro robo usiku. Chumba cha watu sita, vitanda viwili na mkeka, dola 15.

Jumapili, 14 Julai. Kilwa

Kilwa hii si ile ya pwani ya Tanzania. Yetu iko kwenye ziwa Mweru, na ng'ambo ni Zambia.

Kwado alifungua baada ya misa. Alilitazama tairi lililopasuka, akaingiza vidole kwenye ule mdomo, akatikisa kichwa. Tundu la msumari kwenye uso unaokanyaga barabara linazibwa na linadumu. Ukuta wa pembeni unajikunja kila gurudumu linapozunguka, kwa hiyo kiraka kinabanduka. Alichoweza ni kubandika kipande kinene cha raba kwa ndani na kutia mpira wa ndani, na akatuambia wazi: hili ni la kukufikisha mjini, usilifunge nyuma, usilitembeze kwa haraka. Franka 15.000 kazi, na mpira wa ndani dola 10. Alijaza lile la akiba hadi 3,5 kwa kipimo chake, na hapo ndipo tulipojua tulitembea usiku tukiwa na bari 1,8.

Kisha akamwita Mwape, akamwonyesha maandishi kwenye ukuta wa tairi la akiba. Baada ya herufi DOT kuna mstari, na mwisho wake tarakimu nne: 0911. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Tairi letu lilitengenezwa wiki ya 9 ya mwaka 2011. Meno yake yalikuwa mazima kama jipya, kwa sababu halijawahi kutembea, lakini ukilikunja kwa kidole unaona nyufa nyembamba kama ngozi ya kisigino wakati wa baridi. Tulikuwa tumelitegemea tairi la miaka 13.

Tulinunua la mitumba lenye 2219, dola 35 baada ya maneno mengi. Lile la 2011 likarudi kwenye mnyororo, safari hii valvu yake ikiwa na kizibo.

Jumatatu, 15 Julai. Kilwa, Lukonzolwa, Pweto

Siku ya vumbi na ziwa. Baada ya Lukonzolwa nkambo alianza kutaja kila kilima kwa jina. Tulifika Pweto alasiri, na mdogo wake alikuwa amekaa mlangoni tangu Jumamosi. Sitaandika walivyokutana, wenyewe hawakusema kitu kwa muda mrefu.

16 hadi 19 Julai. Pweto

Siku nne za samaki. Samaki wanaoitwa pale, wabichi wa asubuhi, tulikuwa tunawapata kwa franka 6.000 fungu la watatu, na chisense waliokaushwa tulinunua ndoo nzima ya kurudi nayo. Tulikwenda kutazama pale mto Luvua unapotoka ziwani. Maji yametulia kabisa, halafu ghafla yanakumbuka kwamba yana safari. Kama unakuja na gari, jaza mazutu mjini Lubumbashi na mengine yabebe kwenye bidoni. Pweto tuliyapata, lakini kwa bei ya kuumiza na yalichujwa kwa kitambaa mbele yetu.

Jumamosi, 20 Julai. Kurudi

Kabla ya jua baba Mwape alitandaza gunia chini ya gari, akashusha tairi la akiba mwenyewe, akalipima kwa kipimo alichonunua Pweto, akalipandisha. Dakika 12 kwa saa ya Mwape.

Tulipokaribia ule mteremko wa mawe meupe, Kapya alitoa mkono mfukoni mwa koti lake, akanionyesha kitu. Kilikuwa kile kizibo cha chuma chenye meno mawili. Usiku ule alikiokota kwenye vumbi, akakiona kizuri, akakiweka, na sisi hatukujua.

Tulisimama kwenye nyumba tatu. Yule mama alikuwa anatwanga. Nkambo alimpa chumvi na kipande cha sabuni, wakakaa. Nilimuuliza kijana wa samaki. Akasema hupita kila Alhamisi na kila Jumamosi, lakini usiku. Hatukuweza kungoja. Baba Mwape alichukua kile kizibo, akakifunga kwenye kikaratasi cha daftari, akatia pia vipini vitatu vipya alivyonunua Pweto kwa franka 1.500, akampa mama. Alivifungia kwenye pindo la kitenge chake, akakaza fundo kwa meno.

"Nitamupatia leo usiku," akasema.

Tulifika Lubumbashi saa 3 usiku.